Kipimo cha n mara a_n: je, kinatosha kuamua kama jumla ina kikomo?

#1 Mwanagenzi_Tanga
Wakuu, salaam. Napitia mifululizo na kuna kitu nimekiona, naomba mkipime.

Chukua namba chanya zinazoshuka: a_1, a_2, a_3 na kuendelea. Kila moja izidishe kwa nafasi yake, upate n·a_n. Kwa 1/n² zao ni 1/n, linakwenda sifuri, na jumla ina kikomo. Kwa 1/n zao ni 1 siku zote, na jumla inakua bila mwisho. Kwa 1/√n zao ni √n, linapaa, na jumla pia inapaa. Kwa 1/2^n zao linakufa haraka na jumla ina kikomo.

Kwa hiyo nadai hivi: namba zikiwa chanya na zinashuka, jumla yake ina kikomo pale tu n·a_n inapokwenda sifuri. Kipimo kimoja kinamaliza kazi. Nani ana mfano wa kulipinga?

#2 Chaki_Nyeupe
Dai lako lina pande mbili, mkuu, na upande mmoja tu ndio unaosimama. Jumla ikiwa na kikomo, n·a_n lazima iende sifuri. Kurudi nyuma haiwezekani. Nianze na upande wa kweli.

Iite S_n jumla ya namba n za kwanza. Angalia namba zilizo kati ya nafasi n+1 na 2n. Ziko n kamili, na kwa kuwa zinashuka, ndogo kuliko zote ni ya mwisho, a_(2n). Kwa hiyo

n·a_(2n) ≤ a_(n+1) + ... + a_(2n) = S_(2n) − S_n

Jumla ikiwa na kikomo, S_(2n) na S_n zote zinaelekea namba ileile, basi tofauti yao inakwenda sifuri. Zidisha kwa 2, upate 2n·a_(2n) inakwenda sifuri. Hapo nafasi shufwa zimekwisha. Kwa nafasi witiri, a_(2n+1) haizidi a_(2n), basi (2n+1)·a_(2n+1) haizidi 2n·a_(2n) ukiongeza a_(2n), na vyote viwili vinakwenda sifuri.

Angalia kushuka kumefanya kazi wapi: pale niliposema ya mwisho ndiyo ndogo kuliko wenzake wote, na tena pale niliposema a_(2n+1) haizidi a_(2n). Bila sharti hilo sina cha kushika.

#3 Kipanga_wa_Hesabu
Chaki umezunguka sana. Mstari mmoja unatosha: tuseme n·a_n inakwenda L iliyo kubwa kuliko sifuri. Basi kuanzia mahali fulani a_n inazidi L/(2n), na jumla ya 1/n haina kikomo, kwa hiyo na hii haina. Mgongano. Basi L ni sifuri. Kazi imekwisha, na sikuhitaji hata hiyo kushuka.

#4 Chaki_Nyeupe
Kipanga, hapo kwenye "inakwenda L" umejipa zawadi ambayo hujaifanyia kazi. Nani amekuambia n·a_n ina kikomo chochote? Inaweza kuwa inapanda na kushuka, mara 1, mara karibu sifuri, bila kutulia. Ulichothibitisha ni kwamba *kama* kikomo kipo, basi ni sifuri. Na ukiona uthibitisho haukuhitaji sharti ambalo kanuni inalitaja, shtuka.

Mfano: nafasi n ikiwa mraba kamili (1, 4, 9, 16...) weka a_n = 1/n. Nafasi nyingine zote weka 1/n². Jumla ya zile za mraba ni 1 + 1/4 + 1/9 + ..., ina kikomo. Jumla ya zilizobaki ni ndogo kuliko hiyohiyo. Kwa hiyo jumla nzima ina kikomo. Lakini kwenye nafasi ya 10,000 a_n ni 1/10,000 na zao ni 1, huku nafasi ya 10,001 zao ni chini ya 0.0001. Itaendelea hivyo milele. Mfululizo huu haushuki, ndiyo maana unaponyoka.

#5 Mama_Vikoba
Samahani wanangu, mimi ni mtu wa vitabu vya vikoba, ila hili la Chaki limenigomea. Tuna mwanachama anayelipa deni kwa kupunguza, kila mwezi analipa asilimia 90 ya alicholipa mwezi uliopita. Nikaweka a_n = 0.9^n. Jumla ina kikomo, ni 9, hilo nalijua. Ila n·a_n: ya kwanza 0.9, ya pili 1.62, ya tatu 2.187, ya nne 2.62. Inapanda! Sasa hiyo sifuri iko wapi?

#6 Dodoso
Mama, shikamoo. Kinachotakiwa kushuka ni malipo yenyewe, na malipo yako yanashuka tangu mwanzo. Zao la n·a_n halijaahidiwa kushuka, limeahidiwa kufika sifuri mwishoni. Endelea na hesabu yako: mwezi wa 9 utapata 3.487, mwezi wa 10 utapata ileile 3.487, maana 10 × 0.9 ni 9. Baada ya hapo linaanza kuteremka. Mwezi wa 100 ni 0.0027 hivi.

Na kwa Mwanagenzi, kama shufwa na witiri vinakusumbua, kuna njia ya kuviruka. Chagua nafasi m na uibane hapohapo. Kwa n yoyote iliyo kubwa kuliko m, namba kutoka m+1 hadi n ziko n−m, na kila moja haipungui a_n. Basi (n−m)·a_n ≤ S_n − S_m. Jumla yote ukiiita S, upande wa kulia hauzidi S − S_m. Sasa n·a_n ni (n−m)·a_n ukiongeza m·a_n, na kwa kuwa m imebanwa, m·a_n inakwenda sifuri yenyewe. Kwa hiyo mwishowe n·a_n haiwezi kukaa juu ya S − S_m kwa zaidi ya kiasi kidogo unachotaka. Na mkia huo S − S_m unaweza kuufanya mdogo upendavyo kwa kuchagua m kubwa tangu mwanzo.

Mimi naona hii ndiyo sababu halisi: n·a_n inabanwa na mkia wa jumla. Ile ya kugawa nusu kwa nusu ni ujanja tu.

#7 Chaki_Nyeupe
Siyo ujanja, Dodoso. Kugawa kwa kuzidisha mbili ndiko kunakoonyesha namba zimejipanga vipi, na ndiko kutakakotusaidia kwenye upande wa pili. Lakini njia yako ni safi, sibishi.

#8 Mama_Vikoba
Marahaba Dodoso. Nimehesabu, kweli wa 9 na wa 10 vimelingana. Naendelea kusoma.

#9 Mwanagenzi_Tanga
Sawa, upande wa kwanza nimeuelewa. Ila mfano wa kupinga upande wa pili bado sijauona. Nionyesheni namba zinazoshuka, n·a_n inakwenda sifuri, na jumla haina kikomo.

#10 Chaki_Nyeupe
Huu hapa: a_n = 1/(n·ln n), ukianzia n = 2. Zao ni 1/ln n, linakwenda sifuri, ingawa kwa uvivu. Sasa jumla.

Gawa nafasi kwa mafungu: 3 hadi 4, 5 hadi 8, 9 hadi 16, 17 hadi 32, na kuendelea. Fungu linaloishia 2^(k+1) lina namba 2^k. Ndogo kuliko zote ni ya mwisho, yaani 1 chini ya 2^(k+1)·(k+1)·ln 2. Zidisha kwa idadi yao na 2^k zinafutana, unabaki na

1 / (2·(k+1)·ln 2)

Kwa hiyo kila fungu linachangia angalau kiasi hicho. Fungu la 17 hadi 32, k ikiwa 4, linachangia angalau 0.144. Ukijumlisha mafungu yote unapata jumla ya 1/(k+1) ikizidishwa na namba isiyobadilika, na hiyo tunajua haina mwisho. Dai la #1 limeanguka hapo.

#11 Msimbo_na_Chai
Chaki nakuheshimu, lakini mimi nimeipeleka kwenye kompyuta na inaonekana inatulia kabisa.

```python
from math import log
jumla = 0.0
for n in range(2, 10**6 + 1):
    jumla += 1 / (n * log(n))
    if n in (10**3, 10**4, 10**5, 10**6):
        print(n, round(jumla, 2), round(1 / log(n), 3))
```

Kwenye elfu moja jumla ni 2.73, elfu kumi 3.02 hivi, laki moja 3.24, milioni moja 3.42. Ongezeko linapungua kila hatua. Kazini nikiona hivi naandika "imefika" nasonga mbele.

#12 Dodoso
Angalia hayo maongezeko yenyewe: 0.29, 0.22, 0.18. Yanapungua, ila hayapungui kwa kasi ya kutosha. Jumla hii inafuata ln(ln n) ukiongeza takriban 0.79. Jaribu: ln ya milioni ni 13.82, ln ya hiyo ni 2.63, ongeza 0.79, unapata 3.42 yako. Sasa tuseme unataka jumla ifike 10. Unahitaji ln(ln n) iwe 9.21 hivi, yaani ln n karibu 9,950, yaani n yenye tarakimu zaidi ya 4,300. Hakuna mashine itakayokufikisha huko kwa kujumlisha moja moja. Ndiyo maana macho yanadanganywa.

Safu yako ya tatu nayo inasema kitu. Kwenye milioni zao bado ni 0.072. Kwa 1/n² lingekuwa 0.000001.

#13 Msimbo_na_Chai
Kumbe zao likiwa kubwa kiasi hicho nishtuke?

#14 Dodoso
Kushtuka sawa, kuhukumu hapana. Chukua 1/(n·(ln n)²): kwenye milioni zao ni 0.005, halijawa dogo hivyo, na jumla hiyo *ina* kikomo. Kwa mafungu ya Chaki, kila fungu linakuwa la kiasi cha 1/k² badala ya 1/k.

#15 Msomaji_wa_Kale
Mwanagenzi usijisikie vibaya, dai lako lilishachapishwa. Mwaka 1827 Louis Olivier aliandika kwenye jarida la Crelle kule Berlin kwamba n·a_n kwenda sifuri ndicho kipimo cha jumla kuwa na kikomo, kwenda na kurudi. Mwaka uliofuata, 1828, Niels Henrik Abel wa Norwe alimjibu kwenye jarida hilohilo, na mfano aliotumia ni huohuo wa Chaki, 1 chini ya n·ln n. Abel alifariki Aprili 1829 akiwa na miaka 26. Wengine wanaiita kanuni hii ya Abel, wengine ya Olivier, wengine wanamwongeza Pringsheim. Mimi naona Olivier anastahili jina, kwa sababu upande uliosimama ni wake.

#16 Kipanga_wa_Hesabu
Kumpa jina mtu aliyekosea nusu? Basi na mimi #3 niandikiwe jina.

#17 Mwanagenzi_Tanga
Asante Msomaji. Lakini sijakubali kuliacha. Kama n haitoshi, tuzidishe kwa kitu kikubwa zaidi. Chukua n·ln n badala ya n. Mfano wa Chaki unanaswa, zao lake ni 1. Kwa nini hicho kisiwe kipimo sahihi?

#18 Msomaji_wa_Kale
Kwa sababu 1/(n·ln n·ln ln n) itakuponyoka palepale, nayo jumla yake haina mwisho. Utaongeza ln nyingine, itatokea nyingine. Na kwenye jibu lake Abel hakuishia kwenye mfano mmoja, alionyesha kwamba hakuna kizidisho chochote kitakachofaa.

Tuseme unacho, ukiite f(n), na unadai: f(n)·a_n ikienda sifuri jumla ina kikomo, isipoenda sifuri jumla haina. Sasa jaribu d_n = 1/f(n). Zao ni 1, haliendi sifuri, basi kwa kanuni yako jumla ya d_n haina kikomo. Iite D_n jumla ya d za kwanza n, inapaa bila mwisho. Tengeneza mfululizo mpya, b_n = d_n/D_n. Zao f(n)·b_n ni 1/D_n, linakwenda sifuri. Basi kwa kanuni yako jumla ya b_n ina kikomo. Lakini haina. Chukua b kutoka nafasi m+1 hadi p. Kila moja ina D isiyozidi D_p chini yake, kwa hiyo jumla yao haipungui (D_p − D_m)/D_p. Iache m ilipo, ivute p mbali, na sehemu hiyo inakaribia 1. Yaani popote utakapoanzia, mbele yako kuna kipande chenye jumla inayozidi nusu. Vipande vya hivyo havina mwisho. Kizidisho chako kimejivunja chenyewe.

Weka f(n) = n uone: D_n ni jumla ya 1/n, inayokua kama ln n, na b_n inakuwa kama 1/(n·ln n). Mfano wa #10 haukuokotwa njiani.

#19 Chaki_Nyeupe
Niongezee: kizidisho cha n·ln n kinavunjika hata upande wa kwanza, ule uliosimama kwa n. Zipo namba zinazoshuka, jumla ina kikomo, lakini n·ln n·a_n inafika juu kupita kiasi.

Jenga ngazi. Vidato viishie nafasi 4, 16, 256, 65,536, kila kimoja mraba wa kilichotangulia. Kwenye kidato cha k kinachoishia nafasi N, weka a_n = 1/(N·k²), namba ileile kidato kizima. Basi nafasi 1 hadi 4 ni 1/4, nafasi 5 hadi 16 ni 1/64, nafasi 17 hadi 256 ni 1/2,304, nafasi 257 hadi 65,536 ni 1/1,048,576. Kidato cha k kina nafasi zisizozidi N, kwa hiyo mchango wake hauzidi 1/k², na jumla nzima haizidi 1 + 1/4 + 1/9 + ... Ina kikomo.

Sasa simama mwisho wa kidato. Zao n·a_n ni 1/k², linakwenda sifuri kama kanuni inavyotaka. Zidisha na ln n: ln N inaongezeka mara mbili kila kidato, wakati k² inakua polepole. Kidato cha 4 unapata 11.09 ÷ 16, karibu 0.69. Kidato cha 10 ni 709.8 ÷ 100, karibu 7.1. Na inaendelea kupaa. Ukitaka uvivu zaidi, refusha vidato. Kanuni inakuahidi sifuri, haikuahidi mwendo wowote.

#20 Mama_Vikoba
Lakini hapo namba zinakaa palepale kidato kizima. Mlisema lazima zishuke.

#21 Chaki_Nyeupe
Swali zuri, mama. Uthibitisho wa #2 unahitaji tu kwamba ya baadaye isizidi ya kabla, kulingana kunaruhusiwa. Ukitaka zishuke kikweli, ongeza 1/2^n kwenye kila nafasi. Jumla itaongezeka kwa 1 tu na mazao hayatabadilika kwa kitu cha maana.

#22 Kipanga_wa_Hesabu
Narudi na #3, maana mlinifukuza mapema. Chaki alidai sijaonyesha kikomo kipo. Kinapatikana hivi. Jumla S_n iandike upya:

S_n = n·a_n + 1·(a_1 − a_2) + 2·(a_2 − a_3) + ... + (n−1)·(a_(n−1) − a_n)

Fungueni mabano, kila a inabaki mara moja. Kwa kuwa namba zinashuka, kila tofauti ni sifuri au chanya, kwa hiyo sehemu ya pili haipungui n ikiongezeka, na haizidi S. Basi ina kikomo. S_n ina kikomo. Kwa hiyo n·a_n, iliyo tofauti yao, ina kikomo. Sasa mstari wangu wa #3 unafanya kazi: kikomo kikiwa zaidi ya sifuri, 1/n inaleta mgongano.

Na mnapata ziada: jumla ya n·(a_n − a_(n+1)) ni sawasawa na jumla ya a_n yenyewe. Hizo njia zenu hazitoi hilo.

#23 Dodoso
Hiyo nimeipenda, na kushuka kumeingia mlangoni kama Chaki alivyosema. Bado naona mkia ndio sababu. Njia yako inategemea 1/n kuwa haina kikomo, yangu haihitaji kujua hilo. Tena kutoka kwangu unalipata bure: zao la 1/n ni 1, basi jumla yake haiwezi kuwa na kikomo.

#24 Kipanga_wa_Hesabu
Bure gani na wewe umetumia kurasa mbili.

#25 Msimbo_na_Chai
Kuhusu miraba ya #4. Nimechapisha mazao yake hadi milioni moja. Yanayofika 1 ni 1,000 tu kati ya milioni, yaliyobaki yote ni madogo sana. Je, ukiondoa sharti la kushuka, kanuni inabaki kweli kwa nafasi nyingi hata kama si zote?

#26 Dodoso
Inabaki, na ni fungu lilelile la Chaki. Chagua kiwango, tuseme 0.01, na uhesabu nafasi kati ya n+1 na 2n ambazo zao lake linazidi hapo. Kila nafasi ya hivyo ina a inayozidi 0.01/(2n). Zikiwa q, zinachangia zaidi ya q·0.01/(2n), na mchango huo hauzidi S_(2n) − S_n. Kwa hiyo q/n haizidi 200·(S_(2n) − S_n), inayokwenda sifuri. Sehemu ya nafasi korofi ndani ya kila fungu inafifia, namba zishuke zisishuke, mradi ni chanya.

#27 Msimbo_na_Chai
Na zikiwa na alama mchanganyiko, chanya na hasi?

#28 Chaki_Nyeupe
Hapo inakatika. Jaribu 1, −1/2, 1/3, −1/4 na kuendelea: jumla ina kikomo, ni ln 2, na n·a_n ni 1 au −1 kwenye kila nafasi bila kubakiza hata moja.

#29 Mwanagenzi_Tanga
Nina swali juu ya #26. Nafasi korofi zinakuwa chache, sawa, lakini uchache wa kiasi gani? Miraba ni √n. Mtu anaweza kuweka korofi kwenye namba tasa zote?

#30 Msomaji_wa_Kale
Namba tasa hapana, jumla ya 1/p kwa namba tasa haina mwisho, Euler alilionyesha hilo mwaka 1737. Ila ukichukua tasa pacha tu, kama 11 na 13 au 17 na 19, jumla ina kikomo, Viggo Brun alithibitisha mwaka 1919. Kwa hiyo hizo unaweza.

#31 Kipanga_wa_Hesabu
Unaweza *kama* hazina mwisho. Zikiisha mahali fulani, basi na nafasi zako korofi zimeisha, na hilo hakuna aliyelithibitisha bado.